Nataka kupandisha kodi, nianzeje kuwaandikia wapangaji?

*Shikamoo Bibi. Nina jengo la nyumba nane, zote za ukubwa mmoja na kodi moja. Sijapandisha kodi kwa miaka 3. Wakati ule, katika kila 100 niliyokusanya, 40 ilikwenda kwa mlinzi, usafi, bima, kodi ya majengo ya serikali na matengenezo madogo. Sasa ni 46. Mwaka huu pampu ya maji ilikufa nikanunua nyingine, halafu nikaongeza tangi kubwa na kubadilisha mabomba ili maji yasikatike. Kazi yote ilimeza kodi ya jengo zima ya miezi 3, theluthi moja ikiwa ni pampu.*

*Kaka yangu anasema nipandishe asilimia 25 kuanzia tarehe 1 Juni, pesa irudi ndani ya mwaka. Ameshaniandikia ujumbe wa kutuma kwenye kundi la simu la wapangaji: "Kutokana na gharama za maisha kupanda, kuanzia mwezi ujao kodi inaongezeka kwa asilimia 25. Asiyeweza atafute pengine." Nyumba kama zangu hapa jirani zinapangishwa kwa asilimia 15 zaidi ya zangu.*

*Wapangaji watano wanakaa mwezi kwa mwezi, ila mmoja wao amelipa hadi mwisho wa Novemba. Wawili mikataba yao inaisha 30 Septemba, na mmoja 31 Machi mwakani. Wa nyumba namba 6 ni msumbufu, kila siku analalamika dari inavuja, na kaka anataka yeye aongezewe zaidi. Juni imekaribia. Nitume?*

*Mama Mwenye Nyumba*

Marahaba mwanangu. Usitume.

Kupandisha kodi baada ya miaka 3 si dhambi, na wapangaji wako wengi wanajua kwamba siku hiyo itafika. Ujumbe wa kaka yako una matatizo matatu: kiwango chake hakitokani na hesabu yoyote ambayo mpangaji anaweza kuifuata, sababu yake haina mguu wa kusimamia, na tarehe yake inavunja mikataba uliyosaini mwenyewe. Tuanze na kiwango, kwa sababu ukikosea hapo hata barua nzuri haitakuokoa.

Nimeona asilimia 25 ilikotoka. Kodi ya miezi 3 ukiigawa kwa miezi 12 unapata robo, basi. Kaka yako anataka wapangaji wakununulie tangi ndani ya mwaka mmoja. Lakini mwaka ukiisha tangi litakuwa limeshalipwa, na kodi haitashuka. Wataendelea kulilipia miaka yote, na yeyote mwenye kalamu ataligundua hilo jioni hiyohiyo.

Kitu kinachodumu hugawanywa kwa umri wake. Kwanza ondoa pampu. Ile ya zamani ilikufa, umeweka nyingine mahali pake, na mpangaji anapata maji kama alivyoahidiwa siku anaingia. Hayo ni matengenezo, na kodi anayolipa tayari inayabeba. Ukimwandikia kwamba anaongezewa kwa sababu ya pampu atakuuliza, kwa haki kabisa, alikuwa analipia nini siku zote. Tangi na mabomba ni jambo jingine, kwa sababu hapo umempa kitu ambacho hakuwa nacho. Gharama yake ni kodi ya miezi 2. Tuseme kwa unyenyekevu vitadumu miaka 10, yaani miezi 120. Gawa 2 kwa 120, unapata chini kidogo ya asilimia 2 kwa mwezi.

Sasa ongeza gharama za uendeshaji. Zilikuwa 40 katika kila 100, zimekuwa 46, kwa hiyo tofauti ni 6. Jumlisha na ile ya tangi, unafika karibu 8. Hiyo ndiyo nyongeza ambayo unaweza kumwekea mtu risiti mezani na akaiona kwa macho yake.

Umesema pia majirani wanatoza asilimia 15 zaidi. Nayo ni sababu halali, mradi nyumba zinafanana kweli: vyumba, maji, ulinzi, hali ya rangi na milango. Ila usiichukue yote kwa mkupuo. Mimi ningeongeza 2 juu ya zile 8 nikaishia 10, kisha pengo linalobaki nikalitazama upya baada ya mwaka. Utabaki chini kidogo ya majirani, na hilo peke yake litamfanya mpangaji afikirie mara mbili kabla ya kufungasha.

Kaka yako atasema unaacha pesa mezani. Mfanyie hesabu ya nyumba moja. Asilimia 25 kwa mwaka mzima ni sawa na kodi ya zamani ya miezi 3. Asilimia 10 ni kama mwezi mmoja na siku chache. Tofauti haifiki miezi 2. Mpangaji mmoja akiondoka kwa hasira, nyumba ikakaa tupu miezi 2 huku ukipaka rangi, ukibadilisha kitasa na kumlipa dalali, faida yote ya mwaka kwa nyumba ile imekwisha na umeingia hasara. Na wapangaji wa jengo moja huzungumza. Akiondoka mmoja kwa sababu ya kodi, huwa hayuko peke yake.

Sasa tarehe, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapoanguka hata wakiwa na sababu nzuri. Huna tarehe moja kwa jengo zima, kwa sababu wapangaji wako hawako katika hali moja.

Wale wanne wa mwezi kwa mwezi ambao hawajalipa mbele ndio pekee unaoweza kuwapandishia kwa notisi ya kawaida tu, bila kusubiri mkataba uishe au miezi iliyolipwa ipite. Fungua kwanza makaratasi yao usome notisi ni ya muda gani, kisha uulize sheria ya mahali jengo lilipo inasema nini. Kati ya mkataba na sheria, fuata ule muda ulio mrefu zaidi. Ziko sheria zinazokataza kupandisha zaidi ya mara moja kwa mwaka, ziko zinazoweka ukomo wa nyongeza, na ziko zinazotaka fomu maalumu au kibali. Ukiruka hatua hiyo notisi yako inaweza kuhesabika kwamba haikutolewa. Lakini hata kama unaruhusiwa kutoa siku 30, toa miezi 3. Mtu anayetafuta nyumba nyingine anahitaji muda wa kuizungukia, kukusanya malipo ya kuanzia na kupanga kuhama bila kuwatoa watoto shuleni katikati ya muhula. Ukimpa siku 30 hatahama wala hatalipa vizuri, utakuwa unamdai tu. Kwa hiyo barua ziwafikie ifikapo 1 Juni, kodi mpya ianze 1 Septemba.

Siku zinahesabiwa tangu mpangaji alipopokea barua. Siku uliyoandika wewe haina uzito. Tena panga mabadiliko yaangukie mwanzo wa kipindi cha malipo. Ukiandika kwamba kodi mpya inaanza tarehe 17, utalazimika kugawa mwezi vipande viwili na ubishi utaanzia hapo.

Yule aliyelipa hadi mwisho wa Novemba ameshanunua miezi yake kwa bei ya zamani. Ulipokea, ukampa risiti, imekwisha. Kwake kodi mpya ni 1 Desemba. Kumfuata sasa umdai tofauti ya miezi aliyokwisha kulipia ni kumwadhibu mpangaji bora uliye naye. Na usimshangae atakayekimbilia kukulipa miezi mingi mbele kwa kodi ya sasa mara tu baada ya kupata barua. Anaruhusiwa kujaribu, na wewe unaruhusiwa kukataa kupokea kwa kodi ya zamani miezi iliyo baada ya 1 Septemba. Amua mapema, uwajibu wote jibu moja.

Wawili wa 30 Septemba wana mkataba wa muda maalumu. Usome wote, hasa kama kuna kipengele kinachoruhusu kupitia kodi katikati ya muda. Kama hakipo, kodi yao haigusiki hadi mkataba uishe, hata tangi liwe la dhahabu. Wape barua siku moja na wenzao, ila tarehe yao iwe 1 Oktoba na ieleze kwamba hiyo ndiyo kodi ya mkataba mpya endapo watapenda kuendelea. Wa 31 Machi naye vilevile: mwambie sasa kwa heshima kwamba kodi ya pango imebadilika na yeye haimhusu hadi mkataba wake uishe, kisha mpe barua rasmi ifikapo 1 Januari. Kwa mtiririko huu pesa itaingia polepole kuliko ulivyotaka, lakini hakuna hata mmoja atakayekuja na mkataba mkononi kukuonyesha saini yako.

Kuhusu sababu, "gharama za maisha" ifute kabisa. Gharama za maisha zimempanda na yeye. Unamwambia jambo linalomuumiza kama ndilo haki yako ya kumuumiza zaidi. Taja vitu vya jengo ambavyo anavijua: mlinzi anayemfungulia geti, bima, kodi ya majengo ya serikali, tangi analoliona juu ya paa. Mkopo wako, ada za wanao au ujenzi wako mwingine visiingie kwenye barua. Vinaweza kuwa vya kweli, ila havimhusu, na ukivitaja umemfungulia mlango wa kukueleza shida zake. Ile sehemu ya soko iseme waziwazi katika sentensi moja. Ukiificha chini ya gharama, kuna atakayejumlisha risiti zako na kukuta hazifiki 10.

Na ile "asiyeweza atafute pengine" haifanyi kazi yoyote isipokuwa kutukana. Kila mpangaji anajua kwamba anaweza kuhama. Anachohitaji kujua ni akiamua hivyo atoe taarifa lini na amana yake atarudishiwa vipi.

Barua ya wale wanne ingekuwa hivi. Nafasi za kiasi jaza mwenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno:

> YAH: MABADILIKO YA KODI YA PANGO, NYUMBA NAMBA ……
>
> Ndugu ……,
>
> Nakuandikia kukujulisha kwamba kodi ya nyumba unayoishi itabadilika kutoka …… hadi …… kwa mwezi, ikiwa ni ongezeko la asilimia 10. Malipo ya kwanza kwa kiwango kipya yatakuwa ya mwezi wa Septemba, kuanzia tarehe 1 Septemba. Kodi ya Juni, Julai na Agosti haitabadilika.
>
> Kodi ya pango katika jengo hili haijaongezwa kwa miaka 3. Katika muda huo malipo ya mlinzi, usafi, bima, kodi ya majengo ya serikali na matengenezo madogo yamepanda, na katika kila 100 ya kodi ya pango sasa yanachukua 46 badala ya 40. Mwaka huu pia tumeweka tangi la akiba na mabomba mapya. Gharama yake tumeigawa kwa miaka 10, na inachangia chini ya 2 katika ongezeko hili. Sehemu iliyobaki, kama 2, inapunguza tofauti kati ya kodi yetu na ya nyumba zinazofanana na hizi. Pampu mpya haimo katika hesabu hii.
>
> Ukipenda kuona risiti au kuuliza jambo lolote, nitakuwepo kwenye jengo Jumamosi mbili za kwanza za Juni, asubuhi. Baada ya hapo tunaweza kupanga siku nyingine.
>
> Naomba unijulishe kwa maandishi kabla ya 31 Julai kama utaendelea kuishi hapa. Ukiamua kuhama, utalipa kodi ya sasa hadi siku ya kuondoka ndani ya muda wa notisi hii, na amana yako itarejeshwa kwa masharti ya mkataba wetu. Masharti mengine yote ya upangaji yanabaki kama yalivyo, na kodi hii haitaongezwa tena kabla ya 1 Septemba mwakani.
>
> Nimeipokea: …………  Saini: …………  Tarehe: …………

Ile ahadi ya kutoongeza tena kwa mwaka mzima usiiandike kama huna hakika nayo. Ukiiandika, imekufunga. Mimi ningeiweka, kwa sababu mpangaji akipata barua ya nyongeza anachohofia zaidi ni barua inayofuata.

Angalia pia kwamba amana haikuguswa. Kama mkataba wako unasema amana ni kodi ya mwezi mmoja, kaka yako atakukumbusha kwamba nayo iongezeke. Iache hadi mtakapoandikiana mkataba mpya. Ukidai nyongeza mbili katika barua moja, watu watasahau hesabu yako nzuri na kukumbuka kwamba uliwakamua mara mbili.

Kila nyumba ipate karatasi yake yenye jina na namba. Tengeneza nakala mbili, moja abaki nayo, moja akusainie. Kundi la simu lina kazi yake, kama kutangaza kwamba maji yatafungwa saa mbili za asubuhi, lakini si mahali pa notisi. Huwezi kuthibitisha nani alisoma na lini, na mtu mmoja mwenye hasira atageuza kundi zima kuwa mkutano kabla hujanywa chai. Akikataa kusaini usigombane naye. Andika kwenye nakala yako siku na saa uliyomkabidhi, mtu aliyekuwepo aweke jina lake, kisha mtumie picha ya barua kwenye simu yake mwenyewe.

Mpangaji asipojibu hadi 31 Julai, usichukulie kimya chake kuwa ndiyo. Mfuate, mzungumze, upate saini yake kwenye karatasi fupi ya kukubali kiwango kipya. Pengine Septemba atalipa kodi ya zamani kama kwamba hakusikia. Ukipokea ukanyamaza mwezi wa kwanza na wa pili, umempa hoja kwamba mlikubaliana kuendelea vilevile. Pokea, lakini risiti iandike "sehemu ya kodi ya Septemba" na kiasi kilichobaki. Akiendelea hivyo, fuata taratibu za deni na notisi za kisheria za mahali mlipo. Kufunga maji, kukata umeme au kubadilisha kufuli kutakugeuza wewe kuwa mkosaji, hata kama madai yako yalikuwa safi.

Akija mmoja akakuambia kwa ukweli kwamba 10 zote kwa mara moja zimemshinda, unaweza kumpangia 5 kuanzia Septemba na 5 nyingine kuanzia Desemba, kwa maandishi. Ila ukimpa yeye, mlango uwe wazi kwa mwingine mwenye hali kama yake. Punguzo la kificho halidumu siku tatu katika jengo la nyumba nane.

Nimemwacha wa namba 6 mwisho makusudi. Yeye alipe nyongeza ileile ya wenzake, asiongezewe hata senti zaidi yao. Mpangaji aliyelalamika kuhusu ubovu kisha akapata kodi ya juu kuliko wote atasema anaadhibiwa kwa kudai haki yake, na kwa hali uliyoieleza hata mimi ningemwamini. Na dari yake, mwanangu, inavuja au haivuji? Katika barua yako nzima umesema analalamika, hujasema ulipanda kuangalia. Tafuta fundi wiki hii. Aanze na mabomba mapya na miunganiko ya tangi kabla ya kugusa bati, kwa sababu kama doa la maji kwenye dari hukua hata siku zisizo na mvua, maji hayatoki mbinguni. Fundi akimaliza piga picha, mwite mpangaji aone, subiri siku kadhaa uhakikishe pamekauka, ndipo umpelekee barua yake pamoja na wengine tarehe 1 Juni. Kama matengenezo hayatakuwa yamekamilika siku hiyo, barua ya namba 6 isubiri, na miezi yake 3 ianze kuhesabiwa siku atakayoipokea.